Dakika za Bibi Kumi na Wawili

Utani ule niliuanzisha mimi, kwa hiyo acha niuseme mwenyewe kabla hujausikia kwa mtu mwingine.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, ofisini kwetu Ifakara. Ofisi ni nyumba ya vyumba vinne ya mradi mdogo wa visima, na mimi, Agapiti, ndiye mwingiza data wake. Elimu yangu ni kidato cha nne na miezi saba ya kukaa stesheneri ya mjomba nikichapa barua za watu. Ila Excel naijua. Au tuseme, mpaka saa mbili na robo ile nilikuwa bado nasema naijua.

Jedwali la mwisho lilikuwa limekamilika. Madodoso mia tatu na sitini, sehemu tatu: kitongoji kimoja cha Kiberege, kimoja cha Mchombe, na Mwasenge, makazi ya wafugaji huko ndani kabisa ukishaipita Mbingu. Kila sehemu watu mia na ishirini. Swali lenyewe lilikuwa moja: wewe binafsi unatumia dakika ngapi kwa siku kufuata maji? Nikayagawa majibu kwa kundi la umri na kwa jinsia, nikapata idadi ya watu wa kila kundi na wastani wa dakika zao. Saa nne kamati ilikuwa inakaa, na kisima cha pampu kilikuwa kimoja tu. Kingekwenda kule ambako wanawake wanapoteza muda mwingi zaidi.

Kabla sijamtumia mratibu, nikapiga picha ya jedwali nikaitupa kwenye grupu la kazi, nikaandika: "Mwasenge, vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 29, dakika 129 kwa siku kwenye maji. Dada zao dakika 35. Minza, hii ni Mwasenge au peponi? Wadada mnaotafuta wachumba, gari la Mlimba, linalopita huko, linaondoka saa sita."

Watu wakacheka mpaka simu ikawa moto. Minza peke yake hakuandika kitu.

Minza ndiye aliyekuwa mdadisi wa Mwasenge. Msukuma, mzaliwa wa hukohuko, wazazi wake waliingia na ng'ombe kabla hajazaliwa. Kwa wiki mbili alizunguka na baiskeli, boma kwa boma, akahoji watu mia na ishirini. Mimi namwita mama ng'ombe, yeye ananiita mla perege kwa sababu sisi wa mtoni tunakula samaki, na siku zote yeye ndiye anayemaliza. Kwa hiyo alipokaa kimya, nilijiambia kwamba anatafuta jibu la kunizika.

Saa mbili na dakika hamsini Dada Febronia akaniita.

Dada Febronia ni mratibu wetu. Siyo mkali wa kupiga kelele. Ni mkali wa kushusha sauti. Nilimkuta mezani, jedwali langu lililochapishwa liko mbele yake, na Minza amesimama upande wa dirisha na kofia ya pikipiki mkononi. Inaonekana aliitwa akiwa njiani.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Utani wako nimeuona."

"Nilikuwa nachangamsha grupu tu."

"Umechangamsha. Na umenifungua macho." Akaligeuza jedwali upande wangu. "Agapiti, wewe umezaliwa bonde hili. Umewahi kuona kijana wa kiume anakaa saa mbili na zaidi kwenye maji ya nyumbani, dada yake amekaa?"

Nikatabasamu. "Labda yule anayetaka kuoa."

Hakucheka. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye mstari wa wanawake wa miaka 60 na kuendelea. "Soma hapa."

"Idadi, kumi na wawili. Wastani..." Pale kwenye wastani palikuwa na kistari. Kistari kimoja kifupi.

"Minza," akasema Dada Febronia bila kumwangalia, "umeniletea bibi kumi na wawili. Muda wao uko wapi?"

"Niliwauliza wote, dada," Minza akajibu.

"Walikataa kujibu?"

"Walijibu. Niliandika."

"Agapiti. Kistari hiki maana yake nini?"

Hapa ndipo ningetakiwa kufikiri. Lakini mimi nikiulizwa swali la kompyuta mbele ya watu, mdomo unatangulia.

"Maana yake hakuna cha kupigia wastani," nikasema. "Fomula ya idadi, COUNTIFS, inahesabu watu waliotimiza masharti: Mwasenge, mwanamke, miaka 60 au zaidi. Hata kama dakika hazijajazwa, mtu anahesabiwa. AVERAGEIFS, ile ya wastani, inataka dakika. Seli zikiwa tupu zote, inagawanya kwa sifuri, inatoa kosa. Mimi nimeliwekea IFERROR ili lionyeshe kistari, kwa sababu ulisema yale maandishi ya kosa yanatisha wageni."

"Kwa hiyo majina yapo, majibu hayapo."

Nikamwangalia Minza. Alikuwa ananiangalia mimi, siyo Dada Febronia.

"Inaweza kuwa hivyo," nikasema.

Na kweli, inaweza. Lakini kuna pia sababu ya pili inayotoa kosa lilelile, na hiyo sikuitaja. Siyo kwa ubaya. Haikunijia kichwani tu.

Dada Febronia akavua miwani. Wote ofisini tunajua yaliyompata mwaka jana kwenye mradi mwingine: mdadisi alikaa gesti siku tano, akajaza fomu za kijiji kizima kwa mkono wake, na Dada Febronia ndiye akaandikishwa maelezo mpaka akakosa usingizi. Tangu siku hiyo fomu ikikosa jasho anaisikia harufu.

"Wanaume wanachota kuliko wanawake, na bibi wote hawana jibu," akasema polepole. "Minza, sikuiti mwongo. Nasema data hii siwezi kuisimamia mbele ya Mhandisi wa maji. Mwasenge inatoka. Fomu zote mia na ishirini. Na mkataba wako tutauongelea baada ya kikao."

"Dada, nenda Mwasenge leo, waulize," Minza akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida, ila kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake kama usukani. "Mama yangu yumo humo. Bibi yangu yumo. Nikafoji majibu ya bibi yangu?"

"Kwenda na kurudi ni siku nzima. Kikao ni saa nne." Akaniangalia. "Agapiti, futa mistari ya Mwasenge, niwekee kwenye fleshi jedwali la sehemu mbili. Saa nne kasoro kumi liwe hapa."

Tukatoka. Kwenye korido nikataka kusema kitu cha kumpoza.

"Mama ng'ombe, usi..."

"Usiniite hivyo leo, Agapiti."

Hajawahi kuniita Agapiti. Huwa ni Aga, au perege.

Akanifuata mpaka kwenye meza yangu, akasimama nyuma ya kiti. "Nataka kuona unavyonifuta," akasema. "Wiki mbili zangu. Niangalie zinavyoondoka."

Saa kwenye laptopu ilisoma 3:05, kwa maana saa tatu na dakika tano, kwa sababu nimeiweka kwa Kiswahili nikiwatania wageni. Nikafungua karatasi ya data, nikachuja safu ya kijiji: Mwasenge. Mistari mia na ishirini ikabaki. Ningeweza kuichagua yote na kubonyeza kufuta hapohapo. Lakini kuna mtu anapumua nyuma ya shingo yako, na mtu huyo umemcheka asubuhi mbele ya watu kumi na nne. Nikasema walau nimwonyeshe kile kilichomponza. Nikachuja tena: jinsia ya mhojiwa KE, umri 60 na zaidi.

Mistari kumi na miwili.

Na safu ya dakika ilikuwa imejaa. 60, 90, 75, 80, 45, 120... Hakuna seli tupu hata moja.

"Si ndiyo hizo?" Minza akauliza.

Nikashuka na kishale mstari kwa mstari. Nilikuwa nimefikiria namba zimekaa kama maandishi, jambo ambalo hutokea ukinakili vitu kutoka kwingine. Namba ikiwa maandishi AVERAGEIFS inaipita tu. Nikajumlisha kwa haraka chini ya skrini: 912. Namba halali kabisa, zinajumlishika.

Kwa hiyo bibi wapo, dakika zipo, na fomula yangu inasema hakuna kitu.

"Huyu namba sabini na saba ni Bibi Sayi," Minza akasema, akainama karibu na skrini. "Bibi yangu mimi. Sabini na tano, hizo dakika zake, anakwenda kwenye kijito na ndoo ndogo mara tatu. Sasa mbona hapa umemwandika ME?"

"Hiyo siyo yake. Hiyo safu ya kwanza ni jinsia ya mkuu wa kaya. Ya mhojiwa ni inayofuata, ona, KE."

"Aa. Mkuu wa kaya ni baba yangu."

"Sawasawa."

"Na huyu mkuu wa kaya ni mwanawe. Huyu, mwanawe. Huyu anakaa kwa shemeji yake mdogo." Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. "Kwetu bibi akifiwa haachwi peke yake nyumbani kwake, anaingia bomani kwa mwanawe. Wote hawa ME. Wote kumi na wawili, waangalie."

Nikaangalia. ME, ME, ME mpaka chini.

Nilijua kabla sijaifungua. Unajua ile hali ya kuingiza mkono mfukoni na kujua kwamba simu haimo hata kabla vidole havijafika. Nikarudi kwenye jedwali, nikabofya seli ya idadi:

=COUNTIFS(B:B,"Mwasenge",D:D,"KE",E:E,">=60")

B ni kijiji, D ni jinsia ya mhojiwa, E ni umri wake. Safi. Kisha nikabofya kistari:

=IFERROR(AVERAGEIFS(F:F,B:B,"Mwasenge",C:C,"KE",E:E,">=60"),"-")

F ni dakika, sawa, inatangulia, maana AVERAGEIFS inataka kwanza kile unachokipigia wastani ndipo masharti yafuate. Kwa sababu mpangilio ule ni tofauti, sikunakili ya kwanza, niliiandika upya. Na nilipofika kwenye jinsia nikabofya safu ya kwanza niliyoiona imeandikwa jinsia. C. Mkuu wa kaya.

"Nini?" Minza akauliza.

"Subiri."

"Agapiti, nini?"

"Nimeuliza wastani wa wazee wanaoishi kwenye kaya inayoongozwa na mwanamke," nikasema. "Siyo wa wanawake. Na kwenu bibi wa hivyo hayupo hata mmoja. Kiberege na Mchombe wapo, mjane anakaa kwake, ndiyo maana kule hakukutokea kistari."

Minza akainama zaidi kwenye skrini. "Na wale wanaume wanaochota?"

Nikachuja umri wa 18 hadi 29. Watu thelathini na saba, wanawake ishirini na wanne na wanaume kumi na watatu. Mkuu wa kaya mwanamke, mmoja tu: mama mmoja mwenye genge, anakaa karibu na bomba la shule. Dakika 35. Wale dada zao wote wa peponi walikuwa mtu mmoja. Wengine ishirini na watatu, wake za watu, mabinti wa watu, kwa sababu boma ni la baba au la mume, fomula yangu ilikuwa imewavalisha suruali na kuwaweka upande wa wanaume.

Minza alicheka, ila kwa pua tu. "Kwa hiyo mimi nimewahoji wanawake, wewe umewageuza."

"Ndiyo."

"Halafu ukanicheka."

"Ndiyo, Minza."

Saa tatu na dakika ishirini na mbili. Nikabadilisha C kuwa D kwenye seli zote za wastani. Kistari kikageuka 76. Wanawake wa 18 hadi 29 wakaruka kutoka 35 hadi 187. Wanaume wakaanguka kutoka 129 hadi 15.

Hapo mtu mwingine angefurahi. Mimi nilipata hofu mpya. Nusu saa iliyopita mratibu amesema fomu hizi ni za kupika. Sasa namletea namba zilizoruka mara tano, zikiipeleka pampu moja kwa moja Mwasenge, na nani amekaa mezani kwangu muda wote huo? Binti wa Mwasenge. Ningekuwa mimi Dada Febronia, ningetufukuza wote wawili kwa barua moja.

"Mpe tu Dada Febronia jedwali jipya," Minza akasema, kama ameyasoma mawazo yangu. "Useme umekosea kidogo umerekebisha."

"Hataamini. Atasema umenishika shingo."

"Sasa?"

"Fomu zako za karatasi ziko wapi?"

"Stoo. Kwenye boksi. Ufunguo anao yeye."

Nikaenda kugonga kwa mratibu. Chumba kitupu. Nikamkuta ukumbini, na hakuwa peke yake: Mhandisi Viktor alikuwa ameshafika, saa tatu na nusu, mtu wa serikali anayewahi kikao. Wajumbe wengine watatu wanavuta viti. Na Dada Febronia anamwambia, kwa ile sauti yake ya chini, "Sehemu zitakuwa mbili, Mhandisi. Ya tatu imekuwa na matatizo ya ukusanyaji."

Alishasema. Limetoka mdomoni, limeingia kwenye sikio la Mhandisi. Sasa kulirudisha ni mimi kumkanusha mbele yake.

"Agapiti, fleshi," akasema, akanyoosha mkono.

Niliitoa mfukoni, jedwali jipya likiwa ndani. Nikabaki nimeishika.

Jamani, mimi ni mtu wa maneno. Nimeshazungumza na trafiki mpaka akasahau alichonisimamishia. Lakini pale ukumbini niliyatafuta maneno nikayakosa, na yale yaliyokuja yalikuwa ya utani, na kwa mara ya kwanza nikaogopa mdomo wangu mwenyewe.

"Dada, matatizo siyo ya ukusanyaji," nikasema. "Ni yangu."

Mhandisi akageuka. Minza alikuwa amesimama mlangoni.

"Tutaongea baadaye," Dada Febronia akasema.

"Baadaye itakuwa umeshaamua. Jedwali nililokupa asubuhi ni bovu. Siyo Mwasenge tu, na Kiberege, na Mchombe. Wastani wote. Idadi ni sahihi, wastani siyo."

Mjumbe mmoja akakohoa. Dada Febronia alikuwa ananiangalia kama mtu anayesoma barua asiyoitaka. "Na umegundua haya saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Ukiwa na nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo nililokuwa naliogopa. "Na Minza."

"Minza wa Mwasenge."

"Ndiyo. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini bibi yake ameandikwa mwanaume. Mimi nisingeliona. Lakini usiniamini mimi, wala yeye. Boksi la fomu liko stoo na ufunguo unao wewe tangu Ijumaa, hakuna aliyeligusa. Zitolewe fomu za wanawake wa miaka 60 na zaidi wa Mwasenge. Mhandisi asome dakika kwa mdomo wake, mtu yeyote ajumlishe kwa simu. Mimi sitashika kitu."

"Na zisipokuwa na majibu?"

"Basi futa fomu zake zote, na mimi unifute."

Minza akanitupia jicho. Sikuwa nimeshauriana naye hilo la mwisho, na nadhani naye alikuwa anajiuliza kama niliandika vizuri nilipokuwa naingiza data. Swali la haki kabisa. Nami nilikuwa najiuliza.

Dada Febronia akafungua mkoba wake. Kisha akatoa ufunguo.

Boksi likaja. Akachambua mwenyewe, anafungua fomu, anaangalia umri, anaweka pembeni. Hakuharakisha. Fomu kumi na mbili zikapangwa mbele ya Mhandisi Viktor.

"Sitini," Mhandisi akasoma. Mjumbe wa karibu yake akabonyeza simu. "Tisini. Sabini na tano. Hii mwandiko... themanini. Arobaini na tano. Mia na ishirini, huyu anatoka wapi jamani? Sabini. Sitini. Mia. Sabini na mbili. Themanini. Sitini."

"Mia tisa kumi na mbili," mjumbe akasema.

"Gawanya kwa kumi na mbili."

"Sabini na sita."

Nikachomeka fleshi kwenye kompyuta ya projekta. Mara ya kwanza ikaingia kichwa chini. Jedwali jipya likatokea ukutani, na pale palipokuwa na kistari palikuwa na 76.

"Hiyo inaweza kuwa umeiandika tu," Dada Febronia akasema. Sikumlaumu.

Nikabofya seli ili fomula ionekane. Nikabadilisha D kuwa C mbele yao wote: kistari. Nikarudisha D: 76. Kisha kwenye seli tupu nikaandika COUNTIFS yenye masharti yaleyale mabovu, Mwasenge, mkuu wa kaya mwanamke, mhojiwa wa miaka 60 na zaidi. Jibu: 0.

"Hao ndio niliokuwa nawapigia wastani asubuhi," nikasema. "Watu sifuri. Nilipaswa kuweka idadi yao pembeni, ningeona. Badala yake niliweka IFERROR nikalifunika kosa likageuka kistari kizuri, halafu nikasema Minza hajauliza. Na ule utani wa kwenye grupu niliuandika mimi, haukuwa na chembe ya ukweli."

Mhandisi Viktor aliinama mbele. Alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. "Kwa hiyo na zile namba za awali za Kiberege nilizotumiwa jana kwa simu, wanawake vijana dakika 58?"

"Ni 104 kwa kweli, Mhandisi. Mchombe ilikuwa 44, ni 71."

"Na wakubwa wangu nimeshawaambia 58."

"Nisamehe, Mhandisi."

"Nikusamehe nini, kijana, utaandika barua ya kusahihisha, jina lako chini." Akaangalia ukuta tena, akaacha namba zimwingie akilini. "Mwasenge, 187. Hiyo ni saa tatu. Kila siku?"

Hakuniuliza mimi. Alikuwa ameangalia mlangoni.

"Kila siku," Minza akasema. "Kiangazi inazidi. Mimi niliuliza mwezi huu tu kwa sababu fomu inasema mwezi huu."

"Na wanaume kumi na tano?"

"Wanapitia wakirudi na ng'ombe. Wakikumbuka."

Mhandisi akacheka, na wajumbe wakacheka naye, ila Minza alibaki vilevile. Alikuwa anamwangalia Dada Febronia. Mpaka hapo lililokuwa halijasemwa lilikuwa moja, na sisi sote tuliokuwa tunajua tulikuwa tunalisubiri.

Dada Febronia alizikusanya zile fomu kumi na mbili, akazigonga mezani zikakaa sawa. "Fomu za Mwasenge zinabaki," akasema. "Zote mia na ishirini. Mhandisi, niliyokueleza kuhusu ukusanyaji yafutwe kwenye muhtasari. Lilikuwa kosa la uchakataji, na mimi nilimhukumu mdadisi kabla sijafungua boksi." Akamgeukia Minza. "Hilo la mwisho ni langu, siyo la Agapiti. Ingia ukae. Mkataba wako hauna la kuongelewa."

Minza hakuja mbio. Aliingia, akavuta kiti cha upande wa ukuta ambako angeliona jedwali vizuri, akakaa, akaiweka kofia sakafuni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kikao kikaendelea mpaka saa sita kasoro. Walibishana kuhusu kina cha maji na njia ya lori la kuchimbia, na Mhandisi akasema hawezi kupeleka pampu kwa jedwali lililobadilika asubuhi ya kikao, hata likiwa sahihi. Alhamisi watakwenda wenyewe Mwasenge na saa mkononi, watembee na kina mama mpaka kijitoni na kurudi. Dakika zikikaribia 187, pampu ni yao. Hakuna aliyepinga.

"Tutahitaji mwenyeji," akasema.

"Nitawapeleka," Minza akajibu. "Tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Ukifika saa tatu utawakuta wengine wanarudi safari ya pili, utasema ni karibu."

Mimi nilipewa barua ya onyo, na agizo kwamba kuanzia sasa hakuna jedwali langu linalotoka bila mdadisi aliyekusanya fomu kukaa nami na kulisoma kundi kwa kundi. Jioni ile Minza alikuwa wa kwanza. Alikaa, akalisoma taratibu kwa kidole, wanawake kisha wanaume, kutoka juu mpaka chini. Alipomaliza akaniomba kalamu, akasaini pembeni ya Mwasenge, akaangalia saini yake kidogo.

"Sasa nenda Mchombe," akasema, akavuta kiti karibu. "Soma hiyo fomula kwa sauti. Herufi moja moja."